Viazi, ndizi au muhogo: cha kununua kama nyumbani kuna mtu anayehesabu wanga

Mwezi wa saba nilipita Majengo jioni nikitafuta viazi mviringo vya kifungua kinywa cha mama. Sado ilikuwa imepanda tena, nikakasirika, nikanunua mafungu mawili ya muhogo. Mama ana kisukari, anachoma insulini, na afisa lishe alimpangia gramu 45 hivi za wanga asubuhi. Amezoea sahani ya viazi vya kuchemsha ya gramu 220, tunaipima kila siku. Asubuhi ile nikampimia muhogo gramu 220 zilezile, maana kichwani mwangu chakula cha kuchemsha ni chakula cha kuchemsha. Baada ya saa mbili mashine ilisoma 14.6. Siku za viazi huwa haivuki 9.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, umeweka sukari kwenye chai?" Sikuwa nimeweka hata chembe. Sukari yote ilikuwa kwenye muhogo ambao haukuwa mtamu hata kidogo.

Tangu siku ile nimekuwa nikinunua, nikichemsha na kupima vyakula vyote vinne vya asubuhi tunavyokula hapa Dodoma. Kuhusu ladha, kuiva haraka au kupendeza mezani sisemi kitu, kila mtu anajua nyumbani kwake wanapenda nini. Nitasema jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi na karatasi za kliniki hulipita haraka, nalo ni maji.

Gramu 100 za kiazi mviringo kilichochemshwa zina maji karibu gramu 77. Wanga ni gramu 20 tu, na kinachobaki ni protini kidogo na madini. Muhogo uliochemshwa una maji gramu 60 hadi 68, kwa hiyo wanga wake hufika 30 hadi 38. Hiyo ndiyo tofauti nzima. Muhogo hauna ubaya wowote wa siri, ila umebeba maji machache, na kila nafasi ambayo maji hayakuichukua imejaa wanga. Mama alipokula gramu 220 za muhogo alikula wanga gramu 77 hivi, kwa sindano iliyopangwa kwa 45.

Utamu nao unadanganya. Watu wengi wenye kisukari wanakimbia viazi vitamu na kukimbilia muhogo kwa sababu muhogo "hauna sukari". Kiazi kitamu kinapopata moto, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huvunja sehemu ya wanga na kuifanya sukari ya moltosi, ndiyo maana kilichochemshwa ni kitamu kuliko kibichi. Lakini sukari hiyo imetoka kwenye wanga uleule, haikuongezwa na mtu. Ukihesabu gramu, jumla ni ileile. Ulimi unaonja kilichokwisha kuvunjwa, kile ambacho kitavunjwa tumboni hauoni.

Nilivyopima

Karatasi tuliyokuwa nayo nyumbani iliandika kwamba gramu 100 za viazi vitamu zina wanga gramu 18. Nilipofuatilia nikaona ndiyo namba ya jedwali la USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo linasema 17.7 kwa kiazi kilichochemshwa bila ganda. Hicho ni kiazi cha rangi ya chungwa, laini, chenye maji asilimia 80. Viazi vyeupe ninavyonunua mimi vinapasuka unga sufuriani, haviwezi kuwa kitu kimoja na hicho. Nikaamua kuanika.

Kiangazi cha Dodoma kinafaa sana kwa kazi hii, hewa imekauka. Nilichemsha, nikamwaga maji, nikaacha sufuria wazi dakika tano mvuke utoke, ndipo nikapima gramu 200. Nilichukua 200 badala ya 100 kwa sababu mizani yangu ya jikoni inaruka gramu mojamoja, na kosa la gramu moja linapungua uzito ukiwa mkubwa. Nikakata vipande vyembamba kama karata, nikavitandaza kwenye ungo, nikafunika na kipande cha chandarua. Baada ya siku mbili vilikuwa vinavunjika kwa sauti. Nilipima asubuhi, nikapima tena jioni, na namba ilipoacha kushuka nikajua vimekauka.

Muhogo uliokuwa gramu 200 ulibaki 82. Kitu kilichokaushwa juani, kama makopa, bado hubaki na unyevu karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo nikaondoa 8, ikawa 74. Ukigawa kwa mbili unapata 37 kwa kila gramu 100. Protini na madini ya muhogo ni kidogo, nikatoa 2, wanga ukabaki kama 35, pamoja na nyuzinyuzi. Kipimo cha ungo hakifikii cha maabara, kinaweza kukosea gramu mbili tatu huku au kule, lakini hakiwezi kukosea kwa namna ya kuuchanganya muhogo na kiazi.

Viazi mviringo vilinipa 20, sawasawa na jedwali. Viazi vyeupe vya Gairo vilinipa 28, mbali kabisa na ile 18 ya karatasi. Laiti ningeifuata, mama angekula nusu nzima zaidi akidhani yuko ndani ya kipimo.

Ningenunua kipi

Kwa anayetaka sahani kubwa, viazi mviringo vinaongoza. Gramu 225 za viazi ndizo zinazofika wanga 45, na hiyo ni sahani inayoonekana kuwa sahani. Chagua vigumu, visivyo na kijani. Kijani ni dalili kwamba vimekaa kwenye mwanga na kujenga sumu ya solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Vichemshe na ganda, umenye baadaye, usipoteze nyama yake kwenye kisu. Vile vidogovidogo vya bei ya chini vinafaa, ila maganda ni mengi.

Chaguo langu mimi, hata hivyo, ni viazi vitamu vya Gairo, na sifichi upendeleo huo. Kila anayetoka Morogoro namwagiza, basi likisimama pale barabarani ashuke anichukulie. Kwa gramu vinashika nafasi ya tatu, lakini kwa mama gramu 160 zinatosha wanga 45 na zinamshibisha mpaka saa saba, maana ni vikavu na vinatafunwa polepole. Nilivipima mara nne kwa miezi miwili na havikuyumba sana, 27 hadi 29. Kwa mtu anayehesabu, chakula kisichobadilika kina thamani kuliko chakula chenye namba ndogo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa ndivyo vinavyokaribia namba ya Wamarekani, kwangu vilitoa 19. Ukinunua hivyo sahani iwe kubwa, na usichanganye rangi mbili kwenye sufuria moja kisha ukapima pamoja.

Ndizi mbichi ndizo zilizonisumbua zaidi, kwa sababu muuzaji akisema "ndizi" hajasema kitu. Bukoba za kupika zilitoa 24 baada ya kuchemshwa. Mzuzu zilitoa 31, karibu na muhogo. Ukimwambia mgonjwa "kula ndizi tatu" bila kutaja aina, umemwambia vitu viwili tofauti. Tena usidhani ndizi iliyoanza kuwa ya njano imeongeza wanga. Inapoiva wanga unageuka sukari, jumla haipandi, bali sukari hiyo inaingia kwenye damu haraka zaidi. Kwa mama nanunua Bukoba za kijani kabisa na nampimia gramu 190.

Kwenye bei, ndizi zinaumiza kimyakimya. Nilipima chane moja ya kilo mbili, nikamenya, ikabaki kilo moja na robo. Maganda yalichukua zaidi ya theluthi. Muhogo ulipoteza robo, ganda na ule mzizi wa katikati. Viazi vilivyomenywa baada ya kuiva havikupoteza hata sehemu ya kumi. Bei ya kilo sokoni haikuambii haya, na ukilinganisha kilo kwa kilo utaona ndizi ni rahisi wakati si rahisi.

Muhogo unabaki wa mwisho kwa anayehesabu, ingawa kwa watoto wanaokwenda shule kwa miguu ningeuweka wa kwanza. Gramu 130 zinamaliza wanga 45, vipande viwili tu, na mama akiviona anasema amenyimwa. Vunja mmoja kabla ya kulipa. Ukiona mistari ya bluu-nyeusi ndani, umeshakaa siku mbili tatu tangu ung'olewe. Ukiwa mchungu usile, uchungu ni dalili ya sayanidi. Huo uliomenywa na kulowekwa kwenye ndoo siununui tena, sijui umelowa tangu lini na nalipia maji ya watu.

Na hili la vipimo

Nimechoka na fungu. Fungu halina uzito, lina umbo. Kubwa mbele, ndogo nyuma, katikati hewa. Sado nayo hupangwa viazi vikubwa ili nafasi zibaki wazi, kisha vitatu vinawekwa juu kama zawadi. Nilinunua sado mbili kwa muuzaji mmoja siku moja, nikazipima nyumbani, zikatofautiana kwa gramu 600. Nililipa bei moja. Lumbesa imekatazwa, gunia la viazi halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini mkulima bado anajaziwa kilemba juu ya gunia, na mimi huku mjini nauziwa hewa kwenye sado. Anayefaidi ni wa katikati, aliyenunua kwa kujaza na kuuza kwa kupunguza.

Kuna mama mmoja Sabasaba ana mizani ya kuning'iniza. Bei yake inazidi ya wenzake kwa shilingi mia mbili kwa kilo, na watu wanampita wakisema anauza ghali. Nilimfanyia hesabu mara tatu nikilinganisha na sado ya jirani yake, na mara zote tatu kwake ndiko nilikopata viazi vingi kwa pesa ileile. Wiki iliyopita nilimuomba anipimie muhogo pia. Akaniambia, "Muhogo siupimi dada, nikiupima hawanunui, wanaona kilo ni kidogo." Nikamwambia nitanunua mimi. Akapima kilo moja na nusu, vipande vinne vinene, na mama mwingine aliyekuwa pembeni akasema naye apimiwe.