Kioo cha rangi cha zamani Nairobi: kipi ununue, na umri wake utaujuaje

Nyumba za zamani za Parklands, Kileleshwa na Kilimani zinapobomolewa kupisha maghorofa, milango na madirisha yake huishia kwenye yadi za vifaa kuukuu. Humo ndimo utakapokuta paneli za vioo vya rangi vilivyoshikwa kwa mikanda ya madini ya risasi, na muuzaji hatakosa kukuambia ni za enzi za Malkia Viktoria. Kabla hujamjibu, kumbuka kwamba Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli. Dirisha lililotengenezewa nyumba ya hapa haliwezi kuupita umri huo. Likiwa la zamani zaidi, basi lilikuja kwa meli, na anayeliuza awe na la kusema kuhusu safari hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa dirisha la risasi lisilochorwa chochote: vipande vya mraba au vya umbo la almasi, vingine vya kijani au vya rangi ya asali, mara nyingi bado vimo ndani ya fremu ya chuma. Halina uchoraji wa kughushi, kipande kikivunjika fundi atapata kinachokaribiana nacho, na muuzaji huliona kama dirisha tu, kwa hiyo halipandishi bei. Kama unataka kitu cha zamani ukutani bila kuumiza kichwa, ishia hapa.

Nafasi ya pili ni paneli mpya. Warsha za Kitengela hutengeneza vioo vya rangi, na zinajulikana kwa kutumia tena chupa na vioo vilivyokwisha kutumika. Hapo huna umri wa kukisia. Unalipia kazi unayoiona, na kwa vipimo vya dirisha lako.

Paneli ya zamani iliyochorwa naiweka ya tatu, ingawa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Naishusha kwa sababu ndiyo inayompotezea mtu fedha upesi. Nitaeleza kwa ile niliyoinunua mwenyewe, ya upana wa sentimita 45 na urefu wa 60: ndege amechorwa katikati, amezungukwa na vipande vya kijani na vya asali.

"Mama, hiki ni cha miaka mia mbili, kilitoka kanisani Ulaya," kijana wa yadi aliniambia, akataka elfu thelathini.

Nilianza na uchoraji. Rangi ya kweli ya kioo ni unga wa kioo uliosagwa pamoja na oksidi ya chuma au ya shaba, ukapakwa kwa brashi kisha ukachomwa kwenye tanuri kwa nyuzijoto zisizopungua 600 hivi, hadi ukashikana na kioo chenyewe. Isimamishe paneli penye mwanga, pitisha ncha ya kidole taratibu, na utahisi mistari imeinuka kidogo. Kisha paka pamba maji na uiguse kwenye kona isiyo na maana. Rangi ya baridi, yaani iliyopakwa bila kuchomwa, huanza kutoka au hukaa juu ya kioo kama utando wa plastiki. Usikwangue kwa kucha wala kutumia asetoni, maana hata rangi halali ya karne ya 19 inaweza kuwa haikuiva vizuri tanurini. Kazi nyingi za Uingereza za miaka ya 1850 hadi 1870 zinabanduka kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo rangi inayobanduka peke yake si ushahidi wa uongo.

Ndege wangu alipita. Manyoya yake yalikuwa yamekwanguliwa kwa kijiti kabla ya kuchomwa, mwanga ukapenya kwenye mistari myembamba, na njano ya kifuani ilikuwa upande wa nyuma wa kioo. Njano hiyo hutokana na fedha, na huingia ndani ya kioo badala ya kukaa juu. Haikuambii mwaka, kwa sababu Ulaya imeitumia tangu karne ya 14, lakini inakuambia mchoraji aliijua kazi.

Umri niliupata kwenye kioo chenyewe. Vile vipande vya kijani vilikuwa laini upande mmoja na vyenye mikunjo upande wa pili, na mikunjo hiyo ilijirudia kwa umbali ule ule. Hicho ni kioo kilichopitishwa chini ya rola, aina iliyoenea kuanzia katikati ya karne ya 19. Hapo miaka mia mbili ikaanguka. Kioo kilichopulizwa kwa mdomo hakina mchoro wa kujirudia. Kina mapovu yaliyovutika upande mmoja, na unene wake hubadilika. Lakini mapovu nayo yasikulevye, kwani kioo cha namna hiyo bado kinatengenezwa Ujerumani na Ufaransa. Na ukiambiwa kioo ni kinene chini kwa sababu kimetiririka kwa miaka mingi, cheka kimoyomoyo: kioo hakitiririki dirishani.

Halafu nikaitazama paneli kwa ubavu, taswira ya waya wa umeme ikianguka juu yake. Kwenye vipande vyote waya ulipindapinda, isipokuwa kimoja pembeni ambapo ulinyooka kabisa. Hicho kilikuwa kioo bapa cha kisasa, kinachotengenezwa kwa kuelea juu ya bati iliyoyeyuka, mbinu iliyotangazwa Uingereza 1959. Je, paneli nzima ni ya baada ya hapo? La. Mikanda ya risasi iliyokizunguka ilikuwa imefunguliwa na kukandamizwa tena, matone ya lehemu kwenye maungio yake yalikuwa manene kuliko mengine, na chini ya mkanda palikuwa na puti nyeupe badala ya ile nyeusi iliyokauka kwingineko. Kumbe ni kiraka. Kipande kipya huipa paneli umri wake pale tu ambapo risasi yake inafanana na ya jirani zake. Vikiwa bapa vyote, na risasi yote ni moja, hiyo ni kazi ya baada ya 1959 hata kama imepakwa rangi ya viatu ili izeeke. Futa risasi kwa kitambaa cheupe uone kinachotoka.

Niliazima pia taa ya kukagulia noti kwa mama wa duka la jirani. Haina nguvu ya kutambua kioo cha kuelea, lakini gundi nyingi za kisasa hung'aa chini yake, na shingo ya ndege wangu iling'aa mstari mzima. Ufa uliounganishwa.

Hesabu yangu: kazi ya nyumbani, si ya kanisa, ya mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa ya 20, yenye kiraka kimoja na ufa mmoja. Nikamwonyesha kijana yote mawili, tukakubaliana elfu kumi na nne. Kama vipande vya kubadilishwa vingefika theluthi moja, au kama ufa ungepita usoni mwa ndege, ningeiacha hata kwa elfu tano.

Mwisho kabisa wa orodha ni kioo kimoja kizima kilichobandikwa utepe wa risasi juu na kupakwa rangi ya baridi. Utakijua kwa kugonga vipande viwili vya jirani: mlio ni mmoja, na ukichungulia ukingoni, kioo hakikatiki chini ya utepe.

Paneli ibebe wima, kamwe usiilaze, kwa sababu risasi hupinda katikati na vioo hupasuka. Vumbi jeupe kwenye mikanda ni sumu, kwa hiyo lifute kwa kitambaa chenye maji, watoto wakiwa mbali, kisha unawe mikono kabla ya kushika chakula.