Mzee hakuchelewa: uzoefu wangu na huduma ya kutumiana demo na stemu

Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini haijapoa. Huduma hii tunailipia ili wanamuziki walio mbali wasikilizishane demo na kutumiana stemu, yaani kila chombo faili lake. Jina lake siliandiki. Anayeitumia ataijua kwa ruhusa zake tatu za mgeni: kusikiliza tu, kupakua, na kupakua faili asili. Tatizo langu lote limetoka kwenye hiyo ya katikati.

Mimi ni prodyuza, niko Tanga. Kazi yenyewe ni chakacha: vumi, chapuo, kodiani, besi, mwimbaji mmoja na waitikiaji watatu. Mpiga besi ni mzee wa Mombasa aliyekesha kwenye harusi nyingi kuliko wimbo wowote niliorekodi mimi. Ngoma nilirekodi hapa Tanga, nikamtumia miksi ya mwongozo pamoja na stemu za ngoma ili apige besi kwake. Kwa kuwa wimbo haujatoka, na sote tunajua demo ikiingia kwenye kundi moja la WhatsApp jioni asubuhi imefika Lamu, nilimpa ile ruhusa ya katikati. Niliielewa kama ruhusa ya kupakua, basi. Kitufe alichokiona Mzee kilisema "Pakua", na jina la faili lilikuwa lilelile nililoliandika mimi.

Besi ikarudi. Nikaiweka kwenye programu ya kurekodi ianzie sifuri kama tulivyokubaliana, nikabonyeza. Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Vumi likipiga, besi inakuja nyuma yake kidogo. Si kuchelewa kwa mtu aliyepotea mdundo. Ni kuchelewa kulekule mwanzo, katikati na mwisho, mpigo kwa mpigo. Mahali ambapo vumi na besi zinatakiwa zitue pamoja na kusukuma kifua, nilisikia vitu viwili vinagongana. Mwimbaji aliposikiliza akasema, "Mzee amechoka, tutafute kijana." Nilimkatalia palepale. Mtu aliyechoka huchelewa huku na kuwahi kule. Mkono wa binadamu hauna ucheleweshaji ulionyooka hivyo.

Nikawaandikia watoa huduma. Nikaeleza, nikaambatanisha picha ya mawimbi, nikauliza kama kuna chochote wanachofanya kwenye faili kabla ya kumpa mgeni. Jibu likaja na salamu nzuri, halafu likasema kwamba mfumo wao haugusi muda wa rekodi, kwamba tatizo la aina hii kwa kawaida hutokana na mpigaji, na kwamba nimshauri mwenzangu afanye mazoezi na metronomu.

Metronomu! Mzee yule! Nilisoma jibu lile mara kadhaa nikitafuta mahali ambapo wamekosea kuandika. Hawakukosea. Mtu ambaye hajafungua faili langu hata moja amemhukumu mpigaji ambaye hajawahi kumsikia.

Basi nikafanya kazi ambayo wao walipaswa kuifanya. Nilijialika mwenyewe kama mgeni kwa anwani nyingine, nikaweka ruhusa ileile, nikapakua stemu yangu mwenyewe ya vumi. Nikaweka faili asili kwenye traki moja na nililopakua kwenye traki ya pili, yote yaanzie sifuri, halafu nikageuza fezi ya moja. Faili mbili zikiwa sawasawa kabisa, zinafutana na unasikia kimya. Kama moja imebanwa kuwa MP3 lakini imekaa mahali pake, unabaki na mchakacho mwembamba tu. Mimi nilisikia vumi zima, limejaa, lenye uwazi wa ajabu ndani yake. Nikavuta karibu kwenye mgongano wa vijiti wa kuhesabia mwanzo wa wimbo. Kijiti cha nakala kilikuwa nyuma ya kijiti cha asili kwa sampuli 1105. Nikaisukuma nakala kushoto kwa sampuli hizo, vumi likatoweka, ukabaki mchakacho.

Namba hiyo wanaobana sauti wanaifahamu. Kubana kuwa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, kwa sababu mashine ya kubana inahitaji nafasi ya kuanzia. Ile inayoitwa LAME, inayotumika mahali pengi, kwa kawaida huweka sampuli 576, na mashine ya kufungua huongeza 529. Jumla 1105. Kwa rekodi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 25 hivi. Kawaida LAME huandika ndani ya faili kiasi kilichoongezwa, ili programu ya kurekodi iweze kukikata inapofungua. Ile ruhusa ya katikati, kumbe, humpa mgeni nakala nyepesi ya MP3 badala ya faili asili, na kwenye nakala hizo maandishi hayo hayamo. Programu ya Mzee haikuwa na njia ya kujua, ikafungua kimya kile kama sehemu ya wimbo. Mashine nyingine za kubana hutoa namba nyingine, kwa hiyo mwenye tatizo kama hili asiichukue 1105 kichwakichwa. Apime ya kwake.

Milisekunde 25 zinaonekana kama si kitu. Lakini sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ni kama Mzee ameketishwa mita nane na nusu kutoka kwa mpiga vumi, halafu akaambiwa wapige pamoja. Na yeye alipiga barabara kabisa na kile alichokisikia. Kilichokuwa nyuma ni mwongozo aliopewa.

Sasa sikiliza kosa linavyozaa. Kabla sijagundua haya, nilikuwa nimeshaweka toleo la 3, lenye ngoma mahali pake na besi iliyo nyuma, na waitikiaji wameshalipakua kwa ruhusa ileile na kurekodi sauti zao. Toleo zima likawa limesogea tena kwa milisekunde 25 kwenye nakala zao. Wawili walikuwa wanafuata chapuo, kwa hiyo sauti zao zilirudi zikiwa nyuma kwa 25. Wa tatu ana tabia ya kuegemea besi, akawa nyuma kwa 50. Ukisikia kibwagizo unadhani watu watatu hawajawahi kukutana, na hakuna msogeo mmoja unaoweza kuwatibu wote.

Hapa lazima niseme ukweli ambao sikupenda kuukuta. Maelezo ya matoleo ya huduma hii ndiyo yaliyoniokoa. Kila toleo lina sehemu ya kuandika nini kimebadilika, na pembeni kuna orodha ya nani amepakua toleo gani na lini. Bila orodha hiyo nisingejua kwamba yule wa tatu alirekodi juu ya toleo la 3 na si la 2. Ningekuwa nasogeza sauti kwa kubahatisha mpaka leo. Maoni yanayobandikwa kwenye sekunde husika ya wimbo nayo ni mazuri mno. Mzee aliandika kwenye kiitikio cha pili, "Mwanangu, hapa kodiani inanifunika," na sote tukajua ni hapa wapi. Kwa siku kadhaa nilikaribia kuwasamehe.

Lakini orodha ileile haisemi kilichopakuliwa kilikuwa faili asili au nakala nyepesi. Inasema "amepakua" tu. Neno moja lingeongezwa pale, ningelitambua tatizo kabla ya waitikiaji kuingia studio. Na kitufe chenyewe hakisemi. Simu ya Mzee haionyeshi herufi za mwisho za jina la faili, na programu yake hugeuza kila inachopokea kuwa .wav. Angejuaje? Hata mimi mwenye akaunti nilikuta maelezo ya nakala nyepesi ndani kabisa ya ukurasa wa msaada, yakisema inafaa kwa "kusikiliza haraka". Kama ni ya kusikiliza, kwa nini kitufe kinaitwa Pakua na kinawekwa mbele ya mtu anayekuja kurekodi?

Na huo udhibiti tunaouziwa una mipaka ambayo hawaitaji. Ukifunga kiungo, kilichokwishashuka kwenye simu ya mtu hakirudi. Ruhusa ya kusikiliza tu haimzuii mtu mwenye nia ya kurekodi kinachotoka kwenye spika. Hayo nayakubali, hakuna huduma inayoweza kuyazuia. Nisichokikubali ni kwamba ili kunilinda dhidi ya mwizi ambaye huenda hayupo, wameharibu kazi ya mpigaji aliyepo.

Kwa anayebaki kuitumia, sisi tumefanya hivi. Wa kurekodi anapewa ruhusa ya faili asili, wa kutoa maoni anapewa kusikiliza tu, na ile ya katikati hapewi mtu. Kila stemu inaanzia sifuri na inabeba hesabu ya vijiti, hata stemu ya kodiani ambayo hailii mpaka ubeti wa pili. Na kila anayerudisha rekodi anarudisha mafaili mawili kutoka kwenye kazi ileile: chombo chake, na mwongozo aliokuwa anaupigia. Nikipanga vijiti vya mwongozo wake juu ya vijiti vyangu, chombo chake kinasogea pamoja nao na kukaa mahali alipokipiga, hata kama nakala aliyopata ilikuwa na kasoro gani. Toleo la 5 tumelifanya hivyo.

Niliwarudishia watoa huduma majaribio yangu yote, faili mbili, namba, na jinsi ya kurudia. Wakajibu kwamba wamepeleka kwa timu husika. Kuhusu Mzee, hakuna neno. Niliwaomba waandike mstari mmoja wa kumtaka radhi, niupeleke Mombasa. Wakanitumia kiungo cha ukurasa wa msaada.

Nilianza kuandika nikiwa nimepanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya ile orodha ya matoleo. Nikikumbuka neno metronomu, natoa moja. Besi ya Mzee nimeisogeza sampuli 1105 kushoto bila kugusa noti hata moja, nikampigia simu nikamwekea asikilize. Akanyamaza mpaka kibwagizo, akasema, "Eh, hapo sasa. Mimi nilikuwa naona haya kukuuliza." Malipo yetu yanaisha mwisho wa mwezi. Wakiandika "nakala nyepesi" juu ya kile kitufe na kwenye orodha ya waliopakua, nitalipa tena. La sivyo tutarudi kupakia mafaili kwenye folda ya kawaida na maelezo ya matoleo nitayaandika kwa mkono.