Uzoefu wangu na kibarua wa kompyuta katika ofisi ya kliaringi, Mombasa

Ofisi yetu inashughulika na kliaringi hapa Mombasa, na notisi za kuwasili kwa mizigo huingia kwa barua pepe usiku na mchana. Tulinunua huduma ya kibarua wa kompyuta, yaani programu inayofanya kazi yenyewe, azishughulikie. Anachukua notisi moja, anasoma namba ya kontena na jina la mpokeaji, anafungua faili la mteja, anaagiza lori kwa ujumbe, anaandika ripoti, kisha anarudi kwenye foleni kuchukua nyingine. Mzunguko ni huo huo tu. Nilichotaka kujua kabla ya kumwamini ni jinsi anavyosimama akikwama.

Nianze na kuchukua kazi, maana matatizo yetu ya mwanzo yalitokea hapo. Foleni iko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, na kazi huchukuliwa hivi:

```sql
SELECT id FROM kazi
WHERE hali = 'inasubiri'
ORDER BY id LIMIT 1
FOR UPDATE SKIP LOCKED;
```

Vibarua wawili wakiuliza kwa pamoja, wa pili huiruka safu aliyoifunga mwenzake na kuchukua inayofuata. Kufuli hilo hufunguka muamala ukimalizika, kwa hiyo kabla ya hapo kibarua huandika kwamba kazi ni yake, na mpaka saa ngapi. Huduma ilikuja na muda wa kushikilia wa dakika 5. Siku moja ikaingia notisi yenye skani nzito, kuisoma kukapita muda huo, foleni ikadhani kibarua amekufa na kumpa kazi mwingine. Lori mbili zikafika kwa kontena moja, na mwenye lori wa pili alidai fidia ya safari yake, kwa haki kabisa.

Wauzaji walirekebisha vizuri. Sasa kibarua huongeza muda wake kila dakika akiwa bado anafanya kazi. Pia, kabla ya kutuma ujumbe wowote, huandika namba ya kitendo kwenye jedwali lisilokubali namba ileile mara mbili. Lililonifurahisha zaidi ni hili: akianguka katikati na mwenzake akaikuta namba imeandikwa lakini jibu la kutumwa halipo, huyo mwenzake hajaribu tena. Hawezi kujua kama ujumbe ulifika au la, basi anasimama na kumwachia mtu apige simu kwa mwenye lori.

Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya huduma hii: inatenganisha kazi iliyoshindikana na kazi isiyoeleweka. Mtandao ukikatika, kibarua husubiri akajaribu tena. Lakini kuna notisi iliyokuja ambayo mahali pa jina la mpokeaji paliandikwa TO ORDER, na jina la mteja wetu lilikuwa chini, kwenye nafasi ya mtu wa kuarifiwa. Programu tuliyokuwa nayo zamani ingelichukua jina hilo la chini na kuendelea. Hati ya shehena ya namna hiyo huhamishika kwa kusainiwa nyuma, na mzigo hutolewa kwa anayeshika hati halisi. Kutajwa kama mtu wa kuarifiwa hakumpi mtu haki ya mzigo. Kibarua alisimama kabla ya kuagiza lori, akaweka hali kuwa `inahitaji_mtu`, na ripoti yake ikasema: notisi imesomwa, lori halijaagizwa, jina la mpokeaji halilingani na mteja yeyote. Dada wa nyaraka aliisoma akasema, "Hii ngoja kwanza, asili bado iko benki." Hakulazimika kuanza upya wala kukisia kilichokwisha kufanyika.

Kuna pia kikomo cha jumla. Akisimama kwenye kazi 5 mfululizo, haendelei kuchukua nyingine. Hutuma taarifa moja na kukaa. Wakala mmoja wa meli alipobadilisha mpangilio wa notisi zake, tulipata ujumbe mmoja, na foleni nzima ikabaki salama ikisubiri.

Asichokiweza ni kugundua kosa lenye sura ya kawaida. Tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, hivyo skani ikisomwa vibaya kwa kawaida hukamatwa. Lakini namba sahihi ya kontena la mtu mwingine hupita bila swali, kama notisi yenyewe imekosewa. Ndiyo maana nikiona siku kadhaa zimepita bila kazi hata moja kusimamishwa, nachagua chache zilizokamilika nizilinganishe na hati kwa macho yangu.

Naipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku muda wa kushikilia utakapoweza kubadilishwa nasi wenyewe kwa kila aina ya kazi. Kwa sasa lazima tuwaandikie wauzaji na kusubiri, na kontena bandarini zina siku chache tu za bure.