Barua ya mbunifu wa grafiki: linki tatu au maelezo marefu?

Hapa Goma wabunifu tunabishana sana: kwenye barua ya kuomba kazi, uweke linki za kazi zako au uzieleze kwa maneno? Kwa kasi ya kueleweka, linki inashinda. Andika "Nembo ya duka la kahawa: nilichora mwenyewe, rangi mbili tu ili kuchapa mifuko kusiwe ghali", kisha weka linki ya kazi hiyo hiyo, si ya ukurasa wako mzima. Aya ya "mimi ni mbunifu hodari" haifui dafu hapo.

Ila linki inataka kutunzwa. Mwaka jana nilituma folda ya Google Drive bila kubadili ruhusa. Mwajiri akakuta "Request access", akachukua barua iliyofuata. Siku hizi najaribu kila linki kwenye simu ya dada yangu, maana kwangu hufunguka daima.

Maelezo hayali megabaiti, na barua ikichapwa bado yanasomeka. Linki kwenye karatasi haibonyezeki. Hata hivyo, rangi haionekani kwa maneno.

Anayesomea kwenye kompyuta, mpe linki. Kwa ofisi inayopokea bahasha, eleza kazi mbili na uambatishe kurasa zilizochapwa. Kama kazi zako ni siri ya mteja, huna budi kueleza.