Umpige nani: mwenye jeshi mezani au mwenye karata mkononi?

Katika Commander, mtindo wa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ambao kwa kawaida huchezwa na watu wanne, kila mmoja akianza na uhai 40, meza humgeukia anayeonekana kuongoza. Si chuki. Ukitumia karata kuua kiumbe wa mtu, ninyi wawili mmepoteza karata moja moja. Wawili waliobaki hawajapoteza kitu. Ndiyo maana huitumii ila kwa yule anayekaribia kuwamaliza wote.

Ni nani huyo? Tuseme Asha ana viumbe saba wenye nguvu 14 kwa jumla, mkononi hana kitu. Juma ana kiumbe mmoja, karata tisa za ardhi, ambazo ndizo hulipia karata nyingine, na karata saba mkononi. Wengi watamvamia Asha, maana jeshi lake linaonekana. Lakini ukiwa na uhai 32, Asha anahitaji mashambulizi matatu kukumaliza wewe peke yako, na karata moja ya kufagia viumbe inamwacha mtupu. Juma kufagiwa hakumuumizi, na kwa ardhi zile anaweza kufunga mchezo kwa zamu moja.

Mimi ningempiga Juma, tena ningemshawishi Asha tumpige pamoja. Ila mchunguze kamanda wa Asha, yule kiumbe maalumu anayeongoza karata zake: akikupiga jumla ya 21 katika mapambano, unatoka hata uhai ukiwa umebaki.