Nilivyojitoa kwenye mkopo wa nyumba kabla ya kusaini, na barua niliyoiandikia benki kudai ada

Benki ninayoizungumzia ni moja ya benki za biashara hapa Dar es Salaam. Jina naliacha, kwa sababu tulimalizana na mambo kama haya hayako kwao peke yao. Niliomba mkopo wa shilingi milioni 100 wa kununua nyumba Goba, nikalipa ada zote walizotaka, ofa ikatoka, nami nikaikataa. Huduma ya kuomba mkopo ni nzuri: wanajibu simu, na karatasi wanazotaka wanakutajia zote kwa mara moja. Huduma ya kujitoa ndiyo imenifanya niandike.

Sababu ya kujitoa ilikuwa riba. Karatasi ya makadirio niliyopewa mwanzoni, yenye muhuri wa tawi, ilisema asilimia 15 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa miaka 15. Marejesho yake yanakuja kama shilingi 1,399,600 kwa mwezi. Barua ya ofa ilipotoka riba ilikuwa asilimia 17, marejesho 1,539,000. Tofauti ya karibu 139,400 kwa mwezi unaweza kuiona ndogo ukiwa umeshaipenda nyumba. Izidishe kwa miezi 180, inapita milioni 25. Afisa mikopo aliniambia riba ni ya soko na hupanda wakati wowote. Hilo ni kweli, nami sikumbishia. Ila na mimi nilikuwa na haki ya kusema bei hiyo siitaki.

Barua ya ofa ina mahali pa mkopaji kusaini kwamba amekubali masharti. Kwa Sheria ya Mikataba, usipokubali hakuna mkataba, ofa ni pendekezo tu. Ofa yangu ilikuwa na ukomo wa siku 30, kwa hiyo hata ningenyamaza ingekufa yenyewe. Watu wengi hufanya hivyo, wananyamaza. Mimi sishauri kunyamaza ikiwa umeshalipa chochote, kwa sababu kuna vitu vinavyobaki vimening'inia. Mwajiri wangu alikuwa ameshaandika barua ya kuahidi kupitishia mshahara kwenye benki hiyo hadi mkopo uishe. Mke wangu alikuwa ameshajaza fomu ya ridhaa ya mwenza. Na maombi yangu bado yalikuwa wazi kwenye mfumo wao. Vyote hivyo vinahitaji barua ya kuvifunga, na kwenye suala la ada tarehe ya barua hiyo ndiyo inayoamua mengi.

Ada zangu zilikuwa nne. Ada ya kuchakata mkopo ilikuwa asilimia 1, yaani milioni 1, na VAT ya asilimia 18 juu yake, jumla 1,180,000. Uthamini wa nyumba, pamoja na VAT, 531,000. Gharama za wakili wa benki 900,000, nazo zilikuwa za upekuzi kwa Msajili wa Hati, kuandaa hati ya rehani na kuisajili. Bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto, 640,000. Jumla 3,251,000, na zote zilikatwa kwenye akaunti yangu kabla ofa haijatoka.

Nilipouliza kwa mdomo, dada wa mikopo alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, hizo hela zikishaingia hazirudi. Ada zote huwa hazirejeshwi, ipo kwenye fomu." Nikaomba anionyeshe. Kwenye fomu ya maombi sentensi hiyo ilikuwepo kweli, lakini ilisema ada ya kuchakata mkopo haitarejeshwa maombi yakikataliwa au mwombaji akijitoa. Wakili hakutajwa, bima haikutajwa. Neno "zote" lilikuwa la kaunta, halikuwa la fomu.

Kwa hiyo nikaacha kufikiria ile milioni 3 na ushee kama fungu moja. Kwa kila ada nilijiuliza mambo mawili: pesa iko mkononi mwa nani sasa hivi, na kazi iliyolipiwa imefanyika au haijafanyika. Risiti za EFD zinasaidia sana hapa, kwa sababu jina na TIN ya aliyepokea vimo. Risiti ya uthamini ilikuwa ya kampuni ya uthamini. Mthamini alishafika Goba, akapima na kupiga picha, na ripoti yake iko benki. Hiyo kazi imekwisha, kudai pesa yake ni kupoteza muda. Bima ni kinyume chake. Hii ya mkopaji inaanza siku mkopo unapotoka, na mkopo haukutoka, kwa hiyo hakuna hata siku moja ambayo kampuni ya bima ilibeba hatari yoyote kwa ajili yangu. Hiyo inarudi yote. Wakili yuko katikati: upekuzi alishafanya, ila hati ya rehani haiandaliwi kabla ofa haijasainiwa, na usajili ndio kabisa.

Ada ya kuchakata ndiyo ngumu. Kazi walifanya, na fomu niliisaini. Hoja yangu hapo ilikuwa moja tu: waliichakata kwa riba niliyoonyeshwa, wakaleta ofa ya riba nyingine. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama na masharti waziwazi kabla hajajifunga. Sikudai kwamba walivunja kanuni, maana karatasi ya makadirio yenyewe ilikuwa imeandikwa "inaweza kubadilika". Nilidai kwamba kujitoa kwangu kumetokana na badiliko lao, na si na kughairi kwangu.

Barua niliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa meneja wa tawi na nakala kwa kitengo cha malalamiko makao makuu. Naiweka hapa bila majina:

YAH: KUKATAA OFA YA MKOPO WA NYUMBA NA KUOMBA MAREJESHO YA ADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilipokea barua yenu ya ofa ya mkopo wa shilingi 100,000,000. Napenda kuwajulisha kwamba siikubali ofa hiyo. Sijaisaini, wala sijapokea fedha yoyote. Sababu ni kwamba riba iliyomo, asilimia 17, ni tofauti na asilimia 15 iliyo kwenye makadirio ya tawi lenu (nakala imeambatanishwa).

Kuhusu ada nilizokwisha kulipa, naomba yafuatayo. Bima, shilingi 640,000, irejeshwe yote kwa kuwa haijaanza kufanya kazi. Gharama za wakili, shilingi 900,000, zirejeshwe baada ya kukata gharama halisi ya upekuzi, nami nipewe mchanganuo wa wakili. Ada ya kuchakata, shilingi 1,180,000 pamoja na VAT, irejeshwe kwa kuwa masharti yaliyotolewa si yale niliyoyaombea. Gharama ya uthamini siidai, ila naomba nakala ya ripoti niliyoilipia.

Naomba pia mfunge maombi yangu kwa maandishi, mmwandikie mwajiri wangu kwamba ahadi ya kupitisha mshahara imekoma, na mnirudishie fomu ya ridhaa ya mwenza.

Nakala za risiti na taarifa ya akaunti zimeambatanishwa. Fedha zirejeshwe kwenye akaunti zilikokatwa.

Wako mtiifu,

Baadhi ya watu niliowaonyesha waliniuliza kwa nini niliiachia gharama ya uthamini bila kupigana. Niliiacha makusudi. Barua inayodai kila kitu hujibiwa kwa sentensi moja inayokataa kila kitu, na meneja akiona umekubali mwenyewe ile ya haki yao, analazimika kuzijibu zilizobaki moja moja. Hayo ni maoni yangu, lakini majibu yalikuja hivyohivyo, ada kwa ada.

Barua nilipeleka kwa mkono, nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usikubali kuambiwa uiache kwa mlinzi au uitume WhatsApp kwa afisa mikopo. Nilisema mapema kwamba tarehe inaamua mengi, na kwangu iliamua kweli: wakili alipotoa mchanganuo wake aliweka na kipengele cha "maandalizi ya hati ya rehani". Tarehe aliyoiandika ilikuwa siku ya nne baada ya muhuri kwenye nakala yangu. Nilituma picha ya muhuri huo, kipengele kikaondolewa bila maneno mengi.

Matokeo yenyewe ni haya. Bima ilirudi yote, 640,000, ingawa ndiyo iliyochelewa kuliko zote kwa sababu benki na kampuni ya bima walikuwa wanasukumiana. Kwa wakili walikata 150,000 ya upekuzi na maoni ya kisheria, ikarudi 750,000. Ada ya kuchakata benki ilikataa kwanza, ikanukuu fomu. Nikajibu kwa aya moja, nikirudia hoja ya riba na kuongeza kwamba nisiporidhika nitapeleka suala kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Hilo dawati halipokei lalamiko ambalo benki yako haijapewa nafasi ya kulijibu, ndiyo maana zile barua mbili na majibu yake ni vya kutunza. Wakaja na nusu, 590,000, VAT yake ikiwemo, "kwa kuzingatia uhusiano mwema". Nilikubali. Ningeweza kuendelea, lakini sahihi yangu ilikuwa kwenye fomu, na nusu ya kitu nilichokuwa nimesaini kwamba hakirudi si haba.

Jumla iliyorudi ni 1,980,000 kati ya 3,251,000. Kutathmini mkopo wa nyumba kulinigharimu 1,271,000, na nyumba ya Goba ikaenda kwa mtu mwingine. Muuzaji hakunisumbua, kwa sababu mkataba wa mauziano ulikuwa na kipengele kwamba malipo yanategemea benki kutoa mkopo kwa masharti ninayoyakubali. Bila kipengele hicho, malipo ya awali kwa muuzaji yangekuwa ugomvi mkubwa kuliko ada zote za benki.

Ripoti ya uthamini niliipata. Nilidhani nitaitumia kwenye benki nyingine, lakini benki ya pili iliniambia inapokea ripoti za wathamini waliomo kwenye orodha yake tu, na huyu hayumo. Kama una mpango wa kuomba benki mbili, ulizia orodha za wathamini wao kabla ya kulipa, uchague aliyemo kwenye zote mbili.