Mia tano za kusogeza upau, na upau haukusogea

Enzi za Windows 10 upau wangu wa kazi ulikaa kushoto, umesimama wima kama nguzo ya lango. Mimi nachapa mikataba ya mashamba hapa Nakuru, na skrini ya laptopu yangu ni pana lakini fupi, kwa hiyo upau ukitoka chini napata mstari mmoja au miwili zaidi. Kuuhamisha ilikuwa kazi ya mkono tu: unaondoa tiki kwenye Lock the taskbar, unaukamata kwa kipanya, unauburuta. Start nayo ukitaka iwe kubwa, unavuta ukingo wake.

Juzi juzi nikawekewa Windows 11. Navuta upau, wapi! Umeganda. Navuta Start, vilevile.

Nikapeleka kwa fundi mjini. Duka silitaji. "Madam, hiyo ni ya regedit. Mia tano tu." Regedit, yaani kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, akaifungua hapa:

```
HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\StuckRects3
```

Akafungua thamani iitwayo Settings iliyomo humo, safu ya 00000008, namba ya tano. Palikuwa 03, yaani chini; akaandika 01, yaani juu. Export ya kuhifadhi nakala hakufanya, niliona kwa macho yangu. Akaiwasha upya Windows Explorer kwa Task Manager. Upau ukapotea, roho ikanipaa, halafu ukarudi palepale chini. Akarudia mara tatu. Mwisho akaniambia eti laptopu imezeeka. Imezeeka na nani?

Nyumbani nikabonyeza Windows na R, nikaandika `winver`. Toleo 23H2. Kumbe ile mbinu ilikuwa ya 21H2, toleo la kwanza la Windows 11, na hata huko ilikubali juu tu. Ukiupeleka kushoto, unavurugika. Kuanzia 22H2 ukibadilisha ile namba, upau hautikisiki. Hata ile `TaskbarSi` ya kunenepesha au kupunguza upau ilizimika wakati huohuo. Yaani winver ya sekunde kumi ingeniokolea mia tano na nauli ya kwenda na kurudi.

Basi nilitaka kumpa nyota sifuri. Lakini nikifikiria vizuri, kijana hakuniibia, alikariri somo la zamani. Aliyenichosha zaidi ni huyu Microsoft aliyeondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi.

Na kuna kimoja nilichopata bila fundi wala regedit: Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, kisha Taskbar alignment nikachagua Left. Upau bado uko chini, ila Start imerudi kwenye kona yake. Start yenyewe haipanuki. Kule Personalization, Start, kwenye 23H2 yangu nilikuta More pins, iliyoongeza safu za ikoni ndani ya kisanduku kilekile.

Nampa nyota mbili. Hapana, moja na nusu, hiyo ya "imezeeka" bado inaniuma. Jumamosi napitia pale kudai hata mia mbili.